Barua kwa mwanangu: usiitume kabla hujaligusa tukio la nne

Mwanangu,

Tamthilia yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Umesema unaituma Ijumaa, siku moja kabla hujaondoka. Nakuomba sana usiitume kabla hujaligusa tukio la nne. Mengine yote yanaweza kusubiri, hata hiyo pambizo yako pana ambayo sijui nani alikufundisha.

Matukio matatu ya mwanzo yalinisahaulisha kwamba aliyeandika ni mtoto wangu. Wale ndugu wawili wanaobishana nani azime taa, kumbe wanachogombea ni nyumba ya marehemu, na neno "nyumba" halitajwi hata mara moja! Nilicheka peke yangu mpaka mama yako akaja kuchungulia. Kisha nikaingia tukio la nne, Zuhura na babake usiku wa kuamkia safari, nikakuta haya:

ZUHURA (kwa uchungu): Baba, inaniuma kwamba hukuja kuliona onyesho langu.
BABA (kwa majuto): Nilikosea, mwanangu. Niliogopa kuona umenizidi.
ZUHURA (akilia): Nimekusamehe.

Mistari mitatu, na tukio limekwisha kabla halijaanza. Mwigizaji amebakiwa na nini cha kufanya? Na aliyeketi kwenye kiti ataumia kwa ajili ya nani, iwapo wahusika wenyewe wameshajitibu mbele yake? Yale maelekezo ya kwenye mabano nimeyahesabu, yako 11 katika kurasa mbili. Neno lenyewe likiwa na uchungu, mabano hayana kazi. Likiwa halina, mabano hayatauleta.

Mimi kwenye michezo ya redio tulikuwa na kisingizio chetu, kwamba msikilizaji haoni uso, kwa hiyo mwambie kila kitu. Kilikuwa kisingizio tu. Msikilizaji anamsikia mtu akikoroga kikombe kisicho na kitu, na hapo anaelewa. Nilijua hivyo, na bado niliandika "Nina huzuni, mke wangu" mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka, kwa kuwa studio ilikuwa inasubiri. Hapo usinirithi.

Sasa sikiliza. Hiyo mistari yako mitatu usiitupe. Iandike kwenye karatasi ya pembeni, mbele ya jina la kila mmoja, kwa sababu hayo ndiyo wanayoyajua na hawayasemi. Mwandishi asiyejua mhusika wake anaficha nini huishia kuandika mazungumzo yenye ukungu, watu wanatazama dirishani na kuguna, naye anadhani ni kina. Ukishayaandika, wape kazi ya mikono na jambo dogo la kubishania. Nimejaribu hivi, usinicheke:

BABA: Mkanda wa begi hili utakatika njiani.
ZUHURA: Haujawahi kukatika.
BABA: Lete sindano.
ZUHURA: Gari linakuja alfajiri, baba.
BABA: Ndiyo maana nakwambia lete sindano.
ZUHURA: Taa yenyewe hafifu. Huoni.
BABA: Naona. (Anashona.) Siku ile ya onyesho, watu walikuwa wengi?
ZUHURA: Viti vya mbele vilijaa. Kilibaki kimoja.
BABA: Uzi huu mfupi.

Tazama anavyojibu baba. Binti hakuzungumzia uzi, yeye amekimbilia uzi. Kule kukwepa ndiko kukiri kwake, na hadhira inakiona hata kama Zuhura ameinama anafunga viatu. Tazama pia kwamba swali la onyesho limekuja katikati ya kushona, macho yakiwa kwenye sindano. Mtu mwenye aibu huuliza la maana akiwa na pa kuficha uso.

Lakini jambo hili halitafanya kazi peke yake, na hapa ndipo waandishi wengi huanguka. "Kilibaki kimoja" ni hesabu ya viti tu kwa asiyejua kiti chenyewe. Inabidi urudi tukio la pili, pale Zuhura anapoandaa ukumbi, umfanye atandike mtandio wake kwenye kiti cha mstari wa mbele, kisha watu wakishatoka auchukue na kuukunja. Asiseme lolote. Ukishalipanda hilo, maneno mawili ya tukio la nne yatabeba mzigo wote. Katika tamthilia ya mwisho ya Anton Chekhov, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Moscow mwaka 1904, kuna mwanamume na mwanamke wanaoachwa peke yao ili amchumbie. Mwanamke anajifanya anatafuta kitu kwenye mizigo, wanazungumza habari za baridi na kipimajoto kilichovunjika, mwanamume anaitwa nje, anakwenda, basi. Linavunja moyo kwa sababu muda mfupi kabla ya hapo tumemsikia huyo bwana akikubali kuposa. Ondoa makubaliano hayo, yatabaki mazungumzo ya hali ya hewa.

Jinsi ya kupima ni hivi. Wape watu wawili wakusomee tukio kwa sauti, bila mabano, na wa tatu asikilize. Muulize kila mhusika alikuwa anataka nini. Akijibu "kushona begi", umeficha mno, rudi ukapande. Akikutajia mstari uliomwambia, huo mstari ukate. Akisita, kisha akasema kitu kama "yule mzee hataki gari lifike", hapo usiguse tena.

Wala usije ukawafanya wote wazungumze kwa kukwepa tangu mwanzo hadi mwisho, maana hilo nalo huchosha, mtu anatamani kuwatikisa. Zuhura anaweza kusema neno moja wazi, mlangoni, baada ya kujizuia kurasa nzima. Moja. Ningempa "Nilikuwekea kiti." Babake asijibu. Na narudia, mwanangu, Ijumaa si mbali, lakini hili ni la jioni mbili tu. Ukichelewa kutuma kwa siku moja hutakufa. Ukituma lilivyo, watakaolisoma watasema una kipaji na hawatakuita.

Sitauliza yule baba umemtoa wapi. Mwandishi haulizwi. Ila nimeona umempa kikohozi changu na ile tabia ya kusoma kalenda anapoulizwa jambo, na nadhani ungeweza kumpa pia sababu zake, siyo zote mbaya. Mtu anaweza kuwa alifika mpaka kwenye lango la ukumbi akasikia watu wakipiga makofi, akaona amechelewa, akarudi. Ni wazo tu. Litumie au uliache.

Mama yako anasalimu. Tangu asubuhi ameniuliza mara tatu hicho chumba chako kipya kina madirisha mangapi. Mara ya tatu nilimjibu mawili, akanyamaza, akaenda kukunja shuka ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Bomba la jikoni limerudia kuvuja, fundi amesema atakuja na hajaja. Ufunguo wako wa mlango wa nyuma usiuache mezani Jumamosi. Kaa nao. Kitasa kile kigumu na sina mpango wa kukibadilisha.

Unitumie tukio la nne likiwa tayari, hata kama ni usiku. Siku hizi nachelewa kulala.

Baba yako