Tangazo la ada mpya: tukutane Jumatano

Habari za jioni wanakamati. Mwalimu Mkuu ametuma rasimu ya tangazo la ada, tuiweke sawa kabla ya kwenda kwa wazazi Ijumaa. Tukutane Jumatano saa 10 jioni, ofisi ya taaluma.

1. Inaanza na "Wazazi wengi mnachelewesha ada". Tuliondoe hilo. Aliyelipa mapema ataona kasingiziwa, na madeni siyo yaliyopandisha ada. Mdaiwa aandikiwe barua yake.

2. Kiasi kitangulie, kisha sababu: "Kuanzia Januari ada ya muhula itakuwa 490,000/- badala ya 450,000/-. Katika nyongeza ya 40,000/-, chakula ni 26,000/- na dizeli ya basi 14,000/-." Rasimu inasema "gharama za uendeshaji" tu, na hapo ndipo minong'ono huanzia.

3. Tumalizie na tarehe za awamu na ofisi ya kwenda mzazi anayekwama kulipa. Ile "elimu ni ufunguo wa maisha" ifutwe jamani, wazazi wanajua.

Mhasibu, tafadhali njoo na risiti za mchele, maharage na dizeli za mwaka jana na mwaka huu, tuhakiki mgawanyo huo.

Naomba kila mmoja aandike "Nipo" au "Sipo" kabla ya kesho saa 6 mchana. Asanteni.