Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka wa 2023

Waheshimiwa wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana,

Shughuli za kawaida mnazijua, kwa hiyo nitazitaja upesi. Tulifanya ziara moja ya mafunzo Molo, semina mbili za lishe ya ng'ombe hapa Njoro, na siku ya kuogesha na kuchanja mifugo mwezi wa Agosti. Kamati ilikutana mara 11. Kinu chetu cha chakula cha mifugo, kinachoendeshwa na kampuni ya chama, kilianza kazi mwezi wa Januari 2023 na hakikusimama hata wiki moja nzima mwaka wote. Hilo nalisema kwa furaha, kwa sababu mimi ndiye niliyekwenda Nakuru mjini mara 4 kufuatilia waya za umeme wa fezi tatu.

Sasa nije kwenye jambo lililoleta maneno, yaani shilingi 450,000.

Katika mkutano wa Februari mama mmoja alisimama akauliza: "Mwenyekiti, faida ni 2,600,000, KRA wamelipwa 330,000. Zinabaki 2,270,000. Mbona kwenye karatasi yenu faida ni 1,820,000? Hizo 450,000 ziko kwa nani?" Swali lilikuwa la haki, na jibu tulilompa siku ile halikutosha. Mweka hazina alitaja "kodi iliyoahirishwa" akaketi. Baadhi ya wanachama walitoka wakiamini kamati imeficha pesa, na maneno hayo yamenifuata hadi sokoni. Kwa hiyo leo naieleza hesabu yenyewe, taratibu, kwa mashine yetu wenyewe.

Kinu na kichanganyio chake vilitugharimu 4,000,000. Fundi alituambia mwili wa mashine na mota vitatufaa miaka 8. Nyundo na chekeche huisha mapema, lakini hizo tunazihesabu kama matengenezo. Hatukutarajia kupata kitu tukija kuiuza kuukuu. Basi katika vitabu vyetu tuligawa 4,000,000 kwa miaka 8, na kila mwaka tunapunguza 500,000 ya uchakavu. Faida ya 2,600,000 mliyoiona tayari imetolewa hiyo 500,000.

Sheria ya kodi ya mapato haiangalii uchakavu wetu. Tunapojaza ritani, ile 500,000 inarudishwa kwenye faida kana kwamba haikuwahi kutolewa, halafu sheria inatupa punguzo lake badala yake. Kwa mashine ya kiwanda punguzo hilo ni nusu ya gharama katika mwaka wa kwanza wa matumizi, na nusu iliyobaki hupunguzwa robo kwa robo, kwa mafungu sawa, katika miaka 4 inayofuata. Kwetu ni 2,000,000 mwaka 2023, kisha 500,000 kila mwaka kuanzia 2024 hadi 2027. Baada ya hapo, mbele ya kodi, mashine haina thamani tena, ingawa pale Njoro bado itakuwa inasaga.

Tazameni basi faida inayotozwa kodi ya 2023. Anza na 2,600,000, ongeza 500,000 ya uchakavu, utapata 3,100,000. Ondoa punguzo la 2,000,000, inabaki 1,100,000. Kodi ya kampuni ni asilimia 30, kwa hiyo tulilipa 330,000. Risiti ziko ofisini, na mwanachama yeyote anaweza kuziona.

Asilimia 30 ya 2,600,000 ni 780,000. Tumelipa 330,000 peke yake. Tofauti ni 450,000, na hapo ndipo palipozuka ubishi wote. Je, serikali imetusamehe hiyo 450,000? Haikutusamehe. Imetungoja. Hiyo ndiyo kodi iliyoahirishwa, na ndiyo tuliyoiondoa kwenye 2,270,000 tukabaki na 1,820,000. Punguzo lote la mashine, tangu mwanzo hadi mwisho, ni 4,000,000, sawasawa na uchakavu wote tutakaouandika. Hakuna shilingi ya ziada. Tulichopewa ni kutumia sehemu kubwa ya punguzo mapema, na atakayeula mtama wote wa ghalani mwezi wa kwanza hana haki ya kuuliza mbona ghala ni tupu mwezi wa sita.

Kuanzia 2024 hadi 2027 uchakavu ni 500,000 na punguzo la kodi ni 500,000. Vinalingana. Miaka hiyo 4 kodi tutakayolipa itafuata faida yetu bila kupungua wala kuzidi kwa sababu ya mashine hii, na ile 450,000 itabaki pale pale kwenye vitabu. Naomba mliweke jambo hili akilini, kwa maana najua mwaka kesho mtu atainuka aseme, "Deni halijasogea hata senti, kwa hiyo ni la uongo." Halisogei kwa sababu hakuna tofauti mpya, na tofauti ya zamani haijaanza kurudi.

Itaanza kurudi 2028. Mwaka huo vitabu vyetu bado vitapunguza uchakavu wa 500,000, lakini kwa upande wa kodi punguzo litakuwa limekwisha. Tuchukue mfano kwamba faida itakuwa ile ile 2,600,000. Itakayotozwa kodi itakuwa 3,100,000, na tutalipa 930,000, yaani 150,000 zaidi ya asilimia 30 ya faida tunayoiona sisi. Itakuwa hivyo 2028, 2029 na 2030. Mara tatu 150,000 ni 450,000. Hapo ndipo deni litakapokwisha, na ndipo wanachama wa wakati huo watakapoelewa kwa nini tuliliandika sasa. Kama tusingeliandika, wao wangebeba kodi ya faida tuliyokwisha kugawana sisi.

Kuna njia ya pili ya kuihakiki hesabu hii, na mkaguzi wetu wa hesabu ndiye aliyenionyesha nilipokaa naye kutwa nzima na daftari. Mwisho wa 2023 mashine ilikuwa na thamani ya 3,500,000 kwenye vitabu vyetu. Kwa upande wa kodi ilikuwa imebaki 2,000,000. Tofauti ni 1,500,000, na asilimia 30 yake ni 450,000. Ukipata jibu moja kwa njia zote mbili, hesabu imekaa. Yakitofautiana, kuna kitu kimesahauliwa, na mara nyingi ni mashine iliyonunuliwa katikati ya mwaka au kiwango cha kodi kilichobadilika.

Kiwango hakika hubadilika. Wengi mnakumbuka kwamba mwaka 2020, wakati wa korona, kodi ya kampuni ilishushwa hadi asilimia 25, kisha ikarudishwa 30 kuanzia Januari 2021. Ikishushwa tena hadi 25, deni letu litahesabiwa upya kuwa 375,000, na 75,000 itarudi kwenye faida ya mwaka huo. Itarudi bila sisi kuuza hata gunia moja, kwa hiyo msiichukue kama bidii ya kamati itakayokuwepo.

Sasa kuhusu "pesa ziko wapi". Waliotaka kuona akaunti ya benki yenye 450,000 hawataiona, kwa sababu haipo na haikupaswa kuwepo. Kodi iliyoahirishwa huandikwa vitabuni kama deni la muda mrefu. KRA haitudai leo, haitozi riba juu yake, na haimo kwenye ritani yetu kama kodi ya kulipa. Fedha taslimu ambazo hazikwenda KRA zilibaki kwenye biashara: zilinunua pumba za ngano na mashudu ya alizeti mwezi wa Novemba, kabla bei haijapanda. Uamuzi ule ulikuwa wangu, na ulituokoa.

Mzee mmoja ninayemheshimu aliniambia kwamba tukinunua mashine nyingine 2028, punguzo lake jipya litafunika ile 150,000, hivyo deni halitalipwa kamwe. Ni hoja nzuri na niliipeleka kwa mkaguzi. Jibu lake ni kwamba mashine mpya huja na deni lake jipya. La kinu cha sasa litalipwa kama ilivyopangwa. Jumla inaweza isishuke, lakini hatuwezi kujenga vitabu vya leo juu ya mashine ambayo hatujainunua. Sehemu ya 29 ya kanuni za kimataifa za uhasibu, IFRS, kwa biashara ndogo na za kati, tunazofuata sisi, inadai tofauti za namna hii ziandikwe, na mkaguzi asingetupa ripoti safi bila hivyo.

Nitofautishe pia na jambo jingine. Tungelipa faini ya kuchelewesha ritani kutoka kwenye mfuko wa kampuni, sheria isingeikubali kama gharama, leo wala kesho. Tofauti hiyo hairudi milele, kwa hiyo haina kodi ya kuahirisha. Tofauti ya mashine ni ya muda tu, na ndiyo maana inaandikwa.

Sasa mgao. Desturi yetu ni kugawa nusu ya faida baada ya kodi kwa hisa 10,000. Nusu ya 1,820,000 ni 910,000, yaani shilingi 91 kwa hisa. Waliopiga hesabu kwa 2,270,000 walitarajia 113.50. Nakiri kwamba taarifa ya katikati ya mwaka ilitolewa bila kodi iliyoahirishwa, na ndiyo iliyowapa watu tumaini hilo. Ile ilikuwa kasoro ya kamati nzima, na tangu sasa kila taarifa itakuwa nayo. Lakini uamuzi wa 91 siubadilishi, na nitausimamia mbele ya yeyote.

Linaloniuma zaidi ni hili. Tuko wanachama 214. Siku mkaguzi alipokuja kueleza hesabu hizi ana kwa ana, tulikuwa 38, na waliolalamika kwa sauti kubwa zaidi hawakuwepo. Ada ya mwaka ni 1,500, na wanachama 87 hawajalipa. Hiyo ni 130,500, na hii, tofauti na ile nyingine, tunadaiana leo na inatakiwa taslimu. Asiyelipa kufikia mwisho wa Juni hatapiga kura katika uchaguzi, kama katiba yetu inavyosema.

Kuhusu mwaka ujao, tunatumaini kupata mizani kubwa zaidi na, Mungu akijalia, ghala la pili. Daftari la mashine, lenye safu ya thamani ya vitabu na safu ya thamani ya kodi, litakuwa mezani ofisini kila Jumanne kuanzia saa nne asubuhi, na mimi nitakuwepo kulieleza.

Mwenyekiti