Kabla hujaituma ile barua pepe

Rafiki yangu,

Pole sana kwa kuuguza. Nimefarijika kusikia mama sasa anakaa mwenyewe kitandani.

Rasimu ya kumwomba mhadhiri akuongezee muda wa kazi, uliyoniomba niitazame, nimeisoma mara mbili. Aya tatu nzima ni dalili, vipimo na dawa. Mhadhiri hana haja nayo, na isitoshe hiyo ni siri ya mama. Kinachomhusu ni kwamba mama amelazwa na wewe ndiye unayelala naye wodini, basi.

Halafu ukamalizia "naomba unifikirie." Akufikirie vipi? Hukutaja tarehe. Itabidi akuulize, umjibu, naye ajibu tena, na siku mbili zimekwisha hivyo hivyo. Wewe mwenyewe umeniambia huenda mama akaruhusiwa Jumamosi, na kazi iliyobaki inataka siku mbili tatu za kutulia mezani. Basi omba Jumatano ya wiki ijayo. Usiombe siku moja kwa aibu, maana kurudi kuomba mara ya pili ndiko kugumu.

Ningekuwa wewe ningeandika hivi:

"Kuh: Ombi la kuongezewa muda, kazi ya pili

Shikamoo Daktari. Mama yangu amelazwa tangu Jumatatu, nami ndiye ninayemuuguza usiku na mchana. Kwa sababu hiyo sitaweza kukamilisha kazi ya pili ifikapo Ijumaa. Naomba kuiwasilisha Jumatano ijayo, saa sita mchana. Nimeandika kurasa nne kati ya saba, nimeziambatisha pamoja na barua ya kulazwa. Kama kuna fomu ninayopaswa kujaza, naomba unielekeze. Samahani kwa usumbufu."

Chini weka jina kamili, namba ya usajili na jina la somo, asianze kukutafuta kwenye orodha. Zile kurasa nne usizione haya hata kama zina makosa. Zinaonyesha kwamba ulianza kabla ya matatizo. Barua ya kulazwa muulize muuguzi wa zamu. Ikichelewa, futa maneno ya kiambatisho na useme utaileta lini.

Itume kesho asubuhi, ikiwa bado Jumatano. Mimi mwaka jana nilituma yangu saa tatu baada ya muda kwisha, nikajibiwa mstari mmoja tu, nami sikuwa na la kusema. Pia pitia mwongozo wa somo: pengine mhadhiri anaruhusiwa kuongeza siku chache tu, zaidi ya hapo ni idara. Na akikaa kimya hadi Ijumaa jioni, kimya hicho si ruhusa. Wasilisha ulichonacho kabla ya saa kufika, umwandikie kuwa umefanya hivyo huku ukisubiri jibu lake.

Alhamisi usiku nitakuja kukupokea wodini. Wewe nenda kalale, au kaandike ule ukurasa wa tano.

Wako,
Mimi