Nachungulia simu siku nzima nikisubiri ujumbe wake, na bado tunafahamiana tu

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 29, ni keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Tanga. Wiki saba zilizopita, kwenye kamati ya harusi ya binamu yangu, nilifahamiana na kaka mmoja, mwalimu wa sekondari. Tumetoka mara nne. Ni mpole, akisema anakuja, anakuja. Shida ni mimi na simu.

Nikusimulie Jumanne ya wiki iliyopita. Saa moja asubuhi nilimwandikia, "Umeamkaje?" Zikaja tiki mbili za kijivu. Saa mbili bado kijivu. Nampimia mteja misumari huku jicho liko kwenye simu, mpaka nikakosea chenji. Saa nne nikamwona yuko onlaini, na ujumbe wangu hajaufungua. Tumbo likanikaza, mikono ikawa ya baridi. Nikaandika, "Naona uko bize na watu wako." Nikaufuta palepale, lakini WhatsApp inaacha alama kwamba kuna ujumbe umefutwa. Saa saba akapiga. "Ulifuta nini?" Kumbe alikuwa anasimamia mtihani wa moko. Nikamwambia nilikosea, ulikuwa wa mtu mwingine. Sijawahi kumdanganya kabla ya hapo, na ndicho kilichonifanya nikuandikie.

Nadhani najua mzizi wake. Nilipokuwa na miaka saba, mama alikwenda Maskati kufanya kazi za ndani. Alikuwa anapiga Ijumaa kwenye simu ya jirani mwenye duka. Nilikuwa nakaa kwenye gunia la mchele kuanzia saa tisa, nasubiri. Ijumaa nyingine simu haikulia, na hakuna aliyeniambia kwa nini. Mpaka leo kimya cha mtu ninayempenda nakisikia kama habari mbaya.

Rafiki yangu mmoja ni mshauri nasaha. Alinieleza jambo lililonifungua macho: kila nikichungulia simu napata nafuu ya dakika moja, na mwili unajifunza kwamba dawa ya hofu ni kuchungulia. Kwa hiyo hofu ikirudi, inadai tena dawa ileile. Akaniambia nisijikataze kabisa, nicheleweshe tu. Simu iingie droo ya chini, nisubiri dakika kumi, nikizoea ziwe ishirini. Na kabla ya kusubiri niandike ninachohofia, baadaye niandike kilichotokea.

Nimefanya hivyo siku tisa, nyuma ya daftari la risiti. Dakika nne za kwanza ni mateso, Shangazi. Moyo unadunda kama nimepanda ngazi. Lakini kwenye dakika ya saba au ya nane unashuka wenyewe, bila yeye kujibu chochote. Sikuwa najua kwamba unaweza kushuka wenyewe. Na yale niliyoyaandika, "ana mwingine," "amenichoka," yote kumi na moja hayakutokea. Alikuwa darasani, amelala, au simu iko kwenye chaji.

Pamoja na hayo nimeteleza. Nilizima ile sehemu ya mara ya mwisho kuonekana. Ukificha yako huoni na ya mwenzako, nikasema hapo nimepona. Siku ya pili nikajikuta naweka stetasi tatu ili nione kama amezitazama, na saa ngapi. Tabia ni ileile, imehamia mlango mwingine. Tangu hapo nimeacha kuhangaika na mipangilio ya simu, nimerudi kwenye droo na daftari.

Sasa naomba ushauri wako kwa mambo mawili.

La kwanza, nimwambie? Sitaki kumbebesha habari za mama yangu na gunia la mchele wakati hata kwao sijafika. Nimefikiria kumwomba kitu kidogo tu: "Mchana najua uko darasani, ila usiku tukiongea hata dakika tano nitafurahi." Wiki saba ni mapema kuomba hivyo? Na ule uongo wa ujumbe niurudie niusafishe, au niuache upite?

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Nikijizoesha kutulia, nitajuaje siku mtu atakapokuwa kweli ananipuuza? Kwa sasa naangalia kama anatimiza ahadi zake na kama anaanza mazungumzo yeye mwenyewe, na yote mawili anafanya. Lakini Jumamosi iliyopita aliahirisha kuonana, akasema mama yake ni mgonjwa, na hajataja siku nyingine. Leo ni Alhamisi. Nimwulize siku, au nisubiri? Na nikiuliza, nitajuaje kama ni mimi ninayeuliza, au ni yule mtoto wa kwenye gunia?

Mwanao, msomaji wa Tanga