Mfupa Umeunga, Lakini Shimo Bado Lipo: Kwa Nini Tunaomba Eksirei Nyingine

Mwezi uliopita mzazi mmoja aliondoka kwenye dirisha letu la malipo akilalamika, mbele ya wagonjwa wengine, kwamba kliniki yetu imemfanya shamba la bibi. Kisa chake kilikuwa kwamba mtoto alikuwa ameshatolewa hogo, mkono ulikuwa unanyanyuka vizuri, na bado tulikuwa tunamwandikia eksirei ya tatu. Lalamiko hili tumelisikia mara nyingi mno kwa wazazi wa watoto wenye sisti ya mfupa, hivyo tumeona tulijibu kwa maandishi.

Sisti ya kawaida ya mfupa ni uwazi uliojaa majimaji ya rangi ya manjano hafifu ndani ya mfupa wa mtoto. Si saratani. Huwapata wavulana zaidi kuliko wasichana, na mara nyingi hukaa sehemu ya juu ya mfupa wa mkono, karibu na bega, au sehemu ya juu ya mfupa wa paja. Kwa kawaida haiumi, na ndiyo maana wazazi wengi huigundua siku mfupa unapovunjika kwa jambo dogo ambalo halikupaswa kuvunja mfupa wowote. Mtoto mwingine wa miaka 9 aliyeletwa kwetu hakuwa ameanguka. Alirusha fimbo kuangua embe, akasikia mlio begani, na mkono ukalegea.

Picha yake ilikuwa ya kufundishia. Chini kidogo ya gegedu la ukuaji, yaani tabaka laini ambalo mfupa wa mtoto hurefukia, kulikuwa na eneo jeusi katikati ya mfupa, kuta zake zikiwa nyembamba kama ganda la yai, na upana wake haukuzidi ule wa gegedu lenyewe. Kilichotuondolea shaka ni kipande chembamba cha mfupa kilichokuwa kimelala chini ya lile shimo. Ukuta ulipovunjika, kipande kile kilizama ndani ya majimaji, jambo lisilowezekana iwapo ndani ya mfupa kuna nyama ngumu. Lau tungeona tabaka za mfupa mpya nje ya ukuta kabla ya kuvunjika, au ukuta ulioliwa, au tungeelezwa kwamba mtoto huamka usiku kwa maumivu, tusingethubutu kutamka neno sisti kabla ya kipande cha nyama kupimwa maabara.

Matibabu ya kwanza yalikuwa mepesi, na malipo yake pia: mkono ulifungwa na kuning'inizwa shingoni kwa wiki sita. Mfupa wenye sisti huunga kwa muda uleule wa mfupa mwingine, na hapo ndipo wazazi wanapopotea. Kuunga kwa mfupa si kupona kwa sisti. Katika watoto 10 waliovunjika namna hii, ni kama mmoja tu ambaye shimo hujijaza lenyewe kwa sababu ya kuvunjika. Waliobaki hurudi uwanjani na mfupa ulioungwa juu ya shimo lilelile. Baba wa mtoto huyu alitushukuru, akasema picha ya miezi miwili baadaye ni ya kutafuta hela, na hatukumwona tena hadi mwezi wa saba, mkono ulipovunjika mara ya pili, safari hii ukiwa umepinda. Bei ya ile picha aliyoikataa haikufikia hata robo ya gharama za wiki ile.

Safari ya pili tulishauri sindano. Mtoto hupewa nusu kaputi, kisha sindano mbili huingizwa ndani ya sisti huku tukizitazama kwenye mashine ya eksirei inayoonyesha picha papo hapo. Moja hutoa majimaji na nyingine huingiza dawa ya rangi, ili tuone kama shimo ni chumba kimoja au limegawanyika. Baada ya hapo huingizwa steroidi aina ya methaliprednisoloni, kati ya miligramu 40 na 200 kulingana na ukubwa wa shimo. Mzazi anayeuliza kwa nini sindano moja ina bei kubwa hivyo anahesabu dawa peke yake, asihesabu chumba cha upasuaji, mtaalamu wa usingizi na mashine ile. Dawa kwa kweli ndiyo sehemu rahisi kuliko zote.

Tunasema mapema, na tunaandika kwenye fomu, kwamba sindano moja mara nyingi haitoshi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulilinganisha sindano za steroidi na sindano za uboho katika watoto 77, na sisti zilizopona zilikuwa asilimia 42 kwa steroidi na asilimia 23 kwa uboho. Kwa hiyo anayemwahidi mzazi kupona kwa sindano moja anauza maneno. Mtoto wetu alichomwa mara tatu, kila baada ya miezi miwili. Leo kuta za mfupa wake zimenenepa na shimo limebaki doa dogo, nasi bado tunamfuatilia kwa sababu sisti iliyo karibu na gegedu la ukuaji hupenda kurudi maadamu mtoto anakua.

Paja ni habari nyingine, kwa kuwa linabeba uzito wa mwili. Sisti kwenye shingo ya mfupa wa paja ikivunjika, damu inayolisha kichwa cha mfupa inaweza kukatika, hivyo hatungoji wala hatuchomi na kuangalia. Tunampa mtoto rufaa akakwanguliwe, ajazwe mfupa na kufungwa vyuma.

Na paja ndilo lenye mtego wa pili. Msichana wa miaka 12 aliletwa kwetu akichechemea, akiwa ameshafanyiwa upasuaji mahali pengine kwa sisti iliyoonekana kwenye picha moja ya nyonga. Walikwangua na kujaza mfupa uliotolewa kiunoni mwake. Miaka miwili baadaye ule mfupa uliopandikizwa ulikuwa umetoweka, na shingo ya paja imeinama kama mpini wa bakora. Tuliomba picha ya paja zima kuanzia nyonga hadi goti, na mama akauliza kwa nini tunampiga picha hadi gotini wakati tatizo liko juu. Jibu lilikuwa kwenye picha yenyewe: nusu ya mfupa ilikuwa na ukungu wa kijivu kama kioo kilichokwaruzwa kwa msasa.

Huo haukuwa uwazi wa maji. Ulikuwa faibrasi displezia, yaani sehemu ya mfupa iliyojengwa kwa nyuzi na mfupa mchanga usiokomaa, kwa sababu ya hitilafu katika jini iitwayo GNAS. Hitilafu hiyo hutokea mtoto akiwa tumboni na hairithiwi, kwa hiyo mama asilaumiwe na ukoo. Mfupa laini wa kupandikiza ukiwekwa humo, mwili huumeza na kuugeuza kuwa uleule mbovu. Kinachosaidia paja la namna hiyo ni kunyooshwa na kuwekewa chuma ndani kwa urefu wote. Dawa za bisfosfoneti hupunguza maumivu, lakini hatujawahi kumwahidi mtu kwamba zitazuia mfupa kupinda. Mionzi ya tiba haifai kabisa, maana inaweza kuugeuza ugonjwa huu kuwa saratani.

Hitilafu hiyohiyo ya jini inaweza kugusa ngozi na homoni, ndiyo maana tukishuku ugonjwa huu tunamkagua mtoto ngozi pia, tukitafuta mabaka ya rangi ya kahawa yenye kingo zilizochongoka, na tunamuuliza mama kama msichana alianza hedhi mapema kupita kiasi. Maswali hayo hayana malipo, ingawa wapo wanaoyaona ya udaku.

Mzazi wa mwezi uliopita tumempigia simu, na picha ya tatu itapigwa Jumatano. Mwenye picha za zamani, hata zilizopigwa kwingine, aje nazo zote. Kuzisoma hatutozi, na picha ya mwaka jana mara nyingi hutuambia kama shimo linasogea mbali na gegedu au bado limeling'ang'ania.