Mbuzi wa Fundi

Ngamiani, Tanga

Sahibu yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Sisi huku wazima, ni joto tu ndilo linalotutoa roho. Barua yako nimeisoma mara mbili, hasa pale uliposema umekutwa na presha ya macho, umepewa chupa mbili za matone uambiwe ni za maisha, na wewe unashangaa kwa sababu gazeti unalisoma vizuri tu. Nilitaka kukujibu kinesi, maneno matatu basi. Kisha nikamkumbuka fundi cherehani wetu wa barabara ya 12. Nimemwomba ruhusa nikusimulie habari yake, kakubali, ila kasema jina lake nisilitie. Basi tumwite Fundi, maana hata mkewe humwita hivyo.

Huyu bwana aligunduliwa kwa bahati. Alikuja kliniki kutafuta miwani ya kutunga uzi kwenye sindano, kama wanavyokuja wanaume wengi wakishavuka miaka arobaini. Akapimwa presha ya jicho kama anavyopimwa kila mtu wa umri huo. Kawaida ni kati ya 10 na 21. Lake la kulia lilikuwa 28, la kushoto 31. Hakuwa na maumivu, jicho jeupe, na herufi zote za ubaoni alizisoma. Daktari alipomulika ndani akaona kile kishimo kilichoko katikati ya mshipa wa fahamu, pale unapoingilia jicho, kimeanza kupanuka. Akaandikiwa timololi, tone moja asubuhi na moja jioni, na latanoprosti tone moja kila usiku.

Siku ile ile, akiwa bado kwenye benchi la dawa, alitoa simu akatega vikumbusho vitatu: saa 1 asubuhi, saa 1 jioni na saa 3 usiku. Simu ikataka aandike jina la kila kikumbusho. Wengine huandika "dawa". Yeye akaandika neno moja kwa vyote vitatu: MBUZI. Nilimwona akiandika, nikanyamaza. Mambo ya watu.

Miezi ikapita, akienda vizuri, presha ikashuka mpaka 16 na 17. Ukaja Ramadhani. Na kumi la mwisho la Ramadhani kwa fundi cherehani unalijua mwenyewe: kanzu zimepangwa mpaka dirishani, kila mwenye kitambaa anataka cha kwake kitoke kabla ya Idi, umeme unakatika saa za kazi na kurudi watu wakiwa tarawehe. Hapo ndipo alipoanza kuzibonyeza kengele zinyamaze.

La kwanza kuachwa lilikuwa tone la asubuhi, na sababu haikuwa uvivu. Alikuwa akilitia, baada ya dakika moja anasikia uchungu kooni. Akasema, hii si nameza? Na kweli dawa ilikuwa ikifika kooni. Kwenye kona ya jicho, upande wa pua, pana kitundu kidogo cha kupitishia machozi, nacho kinashuka mpaka puani na kooni. Ndiyo maana ukilia unapenga kamasi. Badala ya kuuliza, akaliacha. La jioni nalo likagongana na futari, akalisogeza mpaka baada ya tarawehe, na baada ya tarawehe yuko kwenye cherehani. La usiku lilikuwa la mwisho kuondoka. Chupa ilikaa nyumbani, yeye analala dukani juu ya marobota.

Na sasa sikiliza: hakikutokea kitu. Siku ya pili macho yake yalikuwa vile vile, na ya tatu, na ya tano. Tena aliona nafuu, maana timololi ilikuwa ikimchoma kidogo na latanoprosti ikimwekea wekundu asubuhi, na vyote viwili vikaondoka. Sindano anatunga, mshono unanyooka. Mtu aliyeacha dawa ya malaria homa humrudia akajua. Huyu presha ilikuwa ikipanda polepole jinsi dawa ilivyokuwa ikiisha nguvu, wala hakuna mlango wa kumpigia hodi.

Wiki nzima simu ikaita mara tatu kwa siku, naye kidole kikajifunza kuizima bila jicho kutazama.

Siku ya saba, saa 1 jioni, adhana ya isha inakaribia, mikono imejaa kitambaa. Simu ikalia juu ya meza ya kukatia. Akamwambia kijana wake wa kazi azime. Kijana akaishika, akasoma kioo, akacheka.

"Fundi, kumbe mbuzi wako wa Idi keshafika? Tangu juzi simu inakuita mbuzi, mbuzi."

Wateja wawili waliokuwa wakisubiri kanzu wakacheka pia, mmoja akauliza nyama itagawiwa saa ngapi. Fundi hakucheka. Anasema aliweka mkasi chini, akakaa.

Mbuzi alikuwa wa Muheza, wala hakuwa wake. Baba yake alikuwa mtu wa machungwa. Alikuwa akipakia tenga mbili kwenye baiskeli na kushuka nazo sokoni, njia aliyoipita tangu ujana wake. Siku moja, mchana kweupe, akamgonga mbuzi aliyefungwa kamba kando ya njia, upande wa kushoto. Machungwa yakamwagika, mguu wa mbuzi ukavunjika. Mzee akaapa kwamba mnyama alitoka hewani. Waliokuwepo wakasema mbuzi alikuwa amesimama pale pale tangu asubuhi, anakula majani. Mzee akamlipa mwenye mbuzi, na kijiji kikapata cha kuchekea mwaka mzima: fulani kagongwa na mbuzi aliyelala.

Baada ya hapo ikawa bega la kushoto linagonga miimo ya milango. Kisha kikombe cha chai akikipapasa pembeni ya mahali kilipo. Watu wakisema ni uzee. Alipoletwa kwetu, jicho la kushoto lilikuwa limebakiwa na kitundu cha katikati tu, na la kulia lilikuwa likifuata njia hiyo. Lakini ukimpa Msahafu alikuwa akisoma! Ugonjwa huu huanzia pembeni na kuacha katikati mwisho. Tena jicho moja humfichia mwenzake, na akili huziba pengo kwa kilichoko jirani, kwa hiyo mtu haoni giza mahali palipokufa. Anaona njia nzima, ila mbuzi hayumo. Na kilichokwisha kupotea hakirudi, si kwa dawa wala kwa operesheni. Mzee alikufa akiongozwa na mjukuu.

Fundi ndiye aliyekuwa mmoja wa waliocheka siku ile ya mbuzi. Hilo aliniambia mwenyewe.

Usiku ule alinijia na chupa zote mbili mfukoni, anauliza swali ambalo nimeulizwa na wengi: atie matone saba kufidia siku saba? Nikamwambia tone moja, kama kawaida. Jicho haliwezi kubeba hata tone moja zima, la pili linamwagika shavuni na kwenda na pesa. Nikatazama chupa ya latanoprosti. Ikishafunguliwa hukaa wiki nne tu, baada ya hapo hutupwa hata kama imejaa, na yake ilikuwa imevuka. Kabla ya kufunguliwa inatakiwa friji. Andika tarehe ya kuifungua kwenye karatasi ya chupa kwa kalamu ya wino, mimi huwaambia wote.

Nikamwonyesha na namna ya kutia, maana niliona alikuwa akikosea. Nawa mikono. Inamisha kichwa nyuma, vuta kope ya chini mpaka ifanye kijifuko, dondosha tone moja humo bila ncha ya chupa kugusa jicho. Kisha fumba taratibu, usipepese, na kwa kidole bonyeza ile kona ya jicho karibu na pua kwa dakika mbili. Hapo unakiziba kile kitundu, dawa inabaki jichoni badala ya kushuka kooni. Kama una chupa mbili za wakati mmoja, ngoja dakika tano kati yao, la sivyo ya pili itaiosha ya kwanza. Alibonyeza, akangoja, akameza mate. Hakuna uchungu. Akanitazama kama niliyemficha siri. Kesho yake akamuuliza imamu wake, akajibiwa dawa ya macho haifunguzi, ila kama moyo haujatulia, lile tone la asubuhi alitie wakati wa daku. Akalihamishia kwenye daku.

Kliniki yake ilikuwa siku kadhaa baada ya Idi. Hapo presha ilikuwa imeshashuka tena, 17 na 18, na Fundi akashawishika kunyamaza. Sisi tuliofanya kazi hii tunaijua sana: mtu anaacha dawa mwezi, anazirudia siku tatu kabla ya kupimwa, kadi inaandikwa namba nzuri, na mshipa unaendelea kuliwa. Au kinyume chake, presha inakutwa juu, mgonjwa anaapa anatia dawa, daktari anamwongezea chupa ya tatu au anampeleka kwenye operesheni ambayo hakuihitaji. Fundi alisema kweli. Akawekwa kwenye ile mashine ya bakuli jeupe, unaziba jicho moja, unatazama nukta ya katikati, unabonyeza kitufe kila kinapowaka kijimwanga pembeni. Ramani ikatoka sawa na ya mwanzo. Wiki moja haikumla kitu kinachopimika. Daktari akamuuliza kengele ipi humshinda, akajibu ya jioni, wakaisogeza saa moja mbele ili isigongane na magharibi.

Jina la kikumbusho hakulibadilisha. Kijana wa dukani bado anasubiri nyama.

Sasa mawili yako. Ndugu zako wa tumbo moja wapeleke wakapimwe presha ya macho na kumulikwa ndani, wasingoje kuumwa, maana huu ugonjwa hutembea kwenye damu za watu. Na pili, hukuniambia chupa zako zina majina gani. Kama moja ni timololi, usiitie mpaka uongee na daktari wako kuhusu ile pumu iliyokuwa ikikukaba tulipokuwa bweni. Dawa ile huingia mwilini hata ikitiwa jichoni, nayo hubana kifua cha mwenye pumu na kupunguza mapigo ya moyo. Mwambie kesho, usingoje tarehe ya kliniki. Atakupa nyingine. Lakini ile chupa nyingine usiiache.

Nijibu upesi.

Sahibu yako