Barua kwa mwanangu Baraka: kabla hujafungua kitabu hiki

Mwanangu Baraka,

Hiki kitabu ulichokikuta juu ya begi lako si cha shule, na wala hakuna mtihani utakaotoka humo. Nimekiazima kwa jina langu, kwa hiyo usiogope tarehe ya kurudisha.

Watoto wa rika lako wakiingia maktaba huwa siwaulizi wanapenda kusoma nini, maana jibu nalijua: "Hamna." Nawauliza ni muvi gani waliiona mwisho wakaipenda, na ni kitu gani hasa kiliwashika. Wewe sikuhitaji kukuuliza, tunakaa nyumba moja. Jumamosi ile mlipokuwa mnaangalia ile ya polisi iliyotafsiriwa na dijei, binamu zako walikuwa wanashangilia risasi. Wewe ukachukua rimoti, ukasimamisha picha, ukasema: "Huyu anadanganya. Anasema katoka nje kwenye mvua, mbona viatu vikavu?" Wakakufokea uachie muvi iendelee.

Hapo ndipo nilipojua nikupe nini. Ningesikiliza neno "upelelezi" peke yake, ningekuletea riwaya za Elvis Musiba, zenye yule Willy Gamba wake. Ni jasusi, mambo yake ni mbio na mapambano, na vijana wengi wanazimaliza usiku mmoja. Hizo ni za binamu zako. Anayependa kufumbua fumbo akipewa kitabu cha bunduki huchoka, halafu anadhani anachochoka nacho ni kusoma.

Kwa hiyo nimekuchagulia Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla. Kilitoka mwaka 1960, baada ya kushinda shindano la uandishi wa hadithi za Kiswahili. Mambo yanatokea Unguja. Tajiri mmoja anakutwa ameuawa mahali ambapo wenyeji wanapaheshimu na kupaogopa, na ukitaja mizimu watu wengi hawaulizi tena. Bwana Msa anauliza. Ni mtu mwenye kiko chake mdomoni, hana haraka, anasikiliza kila mtu anasema nini halafu analinganisha maneno na kile anachokiona kwa macho. Ni kazi ileile uliyoifanya wewe na vile viatu. Ana rafiki yake, Najum, na utapata raha ya kushindana naye nani ataona mapema.

Mwandishi mwenyewe alikuwa bwana afya kabla ya kuwa mhariri wa magazeti. Mimi nadhani ile kazi ya kukagua majumba ya watu ilimfundisha kutazama pembe ambazo wengine wanazipita, ingawa hayo ni mawazo yangu tu.

Sasa nikwambie patakapokukwaza, ili pakikukwaza usidhani tatizo ni wewe. Kiswahili chake ni cha Unguja ya zamani. Utakutana na maneno ambayo hapa Dodoma hatuyatumii, na watu wake huzungumza kwa kuzunguka kidogo kabla ya kufika. Usikimbilie kamusi kila mstari, utakata utamu. Neno likikushinda, soma sentensi hadi mwisho. Mara nyingi maana inajitokeza. Likirudi mara ya tatu na bado hulielewi, njoo uniulize nikiwa jikoni.

Cha pili ni majina. Hadithi ya namna hii ina washukiwa kadhaa, na ukiacha kusoma siku mbili unawachanganya. Nimekuwekea karatasi ndani. Kila anapoingia mtu mpya andika jina lake na neno moja: alikuwa wapi, au anafaidika nini marehemu akiondoka. Ukijikuta unarudi nyuma kila ukurasa kuuliza huyu ni nani, ujue hiyo karatasi hukuitumia.

Usiruke ukaangalia mwisho, baba. Kitabu cha aina nyingine ningekuruhusu, hiki hapana. Ukishamjua muuaji, vidokezo vyote vinageuka maneno ya kawaida.

Kuna mkutubi wa Marekani, Nancy Pearl, anayesema msomaji akipe kitabu kurasa 50, kisipomshika akiache. Hiki si kinene, kwa hiyo mimi nakudai 20 tu. Zikiisha na huna hamu ya kujua nani kaua, kirudishe mezani kwangu bila maelezo. Nitakutafutia kingine. Kipo Simu ya Kifo cha Faraji Katalambulla, cha mwaka 1965. Hicho mauaji yake yako Dar es Salaam na lugha yake iko karibu zaidi na yako.

Ila ukifika katikati, niandikie jina la unayemshuku nyuma ya ile karatasi, pamoja na sababu. Mimi nimeshakisoma. Sitakwambia kama umepatia.

Mama yako